Kinawaka, Kinaakisi au Kinaziba? Swali Moja Kabla ya Kuchora Anga

Nimekuwa kimya kidogo, kazi zilinibana, lakini leo nimerudi na jambo ambalo limenikaa kooni tangu Aprili. Ni kuhusu zile picha za anga: sayari, nebula za rangirangi na nyota kibao. Kila mtu aliyewahi kufungua programu ya picha amejaribu kuchora moja. Mimi pia nimechora nyingi, na kwa miaka mingi nilidhani nazijua. Kumbe nilikuwa najua kufuata hatua tu.

Kisa chenyewe ni hiki. Mpwa wangu, binti ya dada yangu, yuko sekondari huko kwetu Mghange, juu kwenye milima ya Taita. Shule yao ilikuwa na maonyesho ya sayansi kabla ya kufunga, na yeye alichagua kueleza habari za setilaiti ya Uhuru. Kwa wale wasioijua, Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi, na ndiyo iliyokuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa kwa kazi ya kupima eksirei zinazotoka kwenye nyota. Ilipewa jina hilo kwa sababu ilipaa siku ya Jamhuri, siku ya kukumbuka uhuru wa Kenya. Akanipigia simu: "Mjomba, nichoree bango. Nataka Dunia, nebula na nyota nyingi." Nikamwambia hiyo ni kazi ya jioni moja.

Kweli ikawa jioni moja. Nikafungua GIMP, nikarusha chenga kwenye weusi kupata nyota, nikapaka mawingu ya zambarau kwa brashi laini, nikabandika Dunia, nikaweka kila tabaka kwenye `Screen` kwa sababu inang'arisha. Likachapishwa Voi, likapandishwa mlimani kwa matatu. Kwenye skrini ya simu lilipendeza sana.

Siku ya maonyesho, mwalimu mgeni aliyekuwa akikagua alisimama mbele ya bango, akaangalia upande wa usiku wa ile Dunia, akamuuliza mtoto: "Hizi nyota zinazowaka ndani ya bahari zimetoka wapi?" Mtoto hakuwa na jibu. Angelitoa wapi? Kosa lilikuwa langu. Mwaka mzima amesoma setilaiti hadi usiku, halafu akaaibishwa na picha ya mjomba. Alama za bango zikapungua, lakini maelezo yake yalikuwa mazuri, kwa hiyo akaambiwa arudi nalo likiwa limerekebishwa shule ikifunguliwa.

Nilipanda nyumbani likizo ya Aprili nikiwa na kompyuta na aibu yangu. Jioni nikamwonyesha babu lile bango, na yeye hakuhitaji hata miwani. Akasema: "Mwezi ukiwa mchanga, ule upande wake wa giza uko pale pale. Umewahi kuona nyota mle ndani?" Nikasema la. "Basi hii Dunia yako ina tundu."

Hapo ndipo ninapotaka tuelewane leo. Maoni yangu ni kwamba tunafundishana uchoraji wa anga kinyumenyume. Tunaambizana "weka `Screen`", "weka `Multiply`", "ongeza chenga", kama mtu anayeambiwa atie chumvi bila kuambiwa anapika nini. Kabla ya kuchagua namna ya kuchanganya tabaka lolote, kuna swali moja la kujiuliza: kitu hiki kinawaka, kinaakisi, au kinaziba? Ukishalijibu, kompyuta haina tena siri. Usipolijibu, utapata nyota baharini kama mimi.

Hesabu ndogo iliyo nyuma ya pazia

Chukua mwanga wa pikseli ya chini uwe `a`, na wa juu uwe `b`, kutoka 0 ambayo ni giza hadi 1 ambayo ni nyeupe kabisa. Majina unayoyaona kwenye ile orodha ya `Mode` ni hesabu tu:

```
Normal:    b
Addition:  min(1, a + b)
Screen:    1 - (1 - a) * (1 - b)
Multiply:  a * b
```

Jaribu na 0.6 juu ya 0.6. `Addition` inakupa 1, yaani imegonga dari na kuwa nyeupe. `Screen` inakupa 0.84. `Multiply` inakupa 0.36. `Normal` inakupa 0.6 ya juu, na ya chini haionekani kabisa.

Sasa yaweke kwenye anga. Mianga miwili ikifika kwenye jicho moja kutoka upande mmoja, inajumlishwa. Hiyo ni `Addition`, na nyota ni zake. `Screen` pia inaongeza mwanga, lakini kwa adabu: kadiri unavyokaribia weupe ndivyo inavyopunguza mwendo. Hiyo inafaa nebula, ambayo ina mawingu mengi juu ya mengine na hutaki yageuke kuwa doa jeupe. Vumbi halina mwanga wake, linakula sehemu ya mwanga wa nyuma na kuacha sehemu ipite, na hiyo ndiyo maana ya kuzidisha kwa namba ndogo kuliko moja: `Multiply`. Sayari ni jiwe. Jiwe haliachi kitu kipite. Jiwe ni `Normal`, basi, hakuna mjadala.

Kosa langu lilikuwa kuweka Dunia kwenye `Screen`. Upande wa usiku una `b` karibu na 0, na `Screen` ya 0 inarudisha `a` kama ilivyo, nyota na yote. Kompyuta ilifanya nilichoiambia. Nilikuwa nimeiambia Dunia ni moshi unaowaka.

Anga ya Mghange usiku mmoja

Uzuri wa kukaa karibu na ikweta ni kwamba unaona anga la kaskazini na la kusini kwa pamoja. Mvua ilikuwa imekatika siku mbili, ukungu haukupanda, na mwezi haukuwepo. Saa mbili usiku tukatoka uani, mimi, mpwa wangu na babu na blanketi lake. Na tazama bahati: mwezi wa Aprili saa hiyo, aina zote tatu za nebula ziko juu kwa wakati mmoja.

Upande wa magharibi kulikuwa na Orioni, lile kundi lenye nyota tatu zilizojipanga. Kando ya zile tatu kuna ukungu mdogo. Hiyo ndiyo Nebula ya Orioni, karibu miaka ya nuru 1,300 kutoka hapa. Ni gesi ya hidrojeni iliyochokozwa na nyota zenye joto kali zilizo ndani yake hadi yenyewe ikawaka, na rangi yake kubwa ni nyekundu. Kwa macho inaonekana ya kijivu, kwa sababu macho yetu gizani hayashiki rangi, lakini kamera ikiachwa wazi sekunde kadhaa inaiona. Hii inawaka.

Chini zaidi kuelekea magharibi kulikuwa na Kilimia, kikikaribia kuzama. Wazee walikitumia kujua msimu wa kulima, na babu alikionyesha kabla sijafungua mdomo. Picha za kamera zinaonyesha nyota zake zimezungukwa na utando wa buluu. Ule utando hauwaki. Ni vumbi lililopokea mwanga wa nyota za karibu na kuutawanya, na vumbi jembamba hutawanya buluu zaidi kuliko nyekundu. Hii inaakisi.

Kusini mashariki ulikuwa unapanda Msalaba wa Kusini, na kando yake kuna doa jeusi ndani ya ule mkanda mweupe wa Njia ya Maziwa. Wanaastronomia huliita Gunia la Makaa. Ukilitazama unaweza kudhani ni tundu, mahali pasipo na nyota. Sivyo. Nyota zipo, ila kuna wingu la vumbi zito mbele yake, umbali wa karibu miaka ya nuru 600. Hili linaziba. Tulingoja hadi saa nne lipande juu ya weupe wa upeo wa macho, na mtoto akaliona vizuri kabisa.

Nikamuuliza lipi kati ya hayo matatu lilikuwa kwenye bango letu. Akafikiri, akasema: "Hakuna, mjomba. Letu lilikuwa rangi tu." Hilo lilinichoma kuliko swali la mwalimu.

Nyota: msiziachie chenga

Kesho yake tukaanza upya, turubai ya pikseli 3000 kwa 2000. Nyota kwanza. Njia ya kawaida inayozunguka mitandaoni ni kuweka chenga kwenye tabaka jeusi, kuzifinyanga kidogo, halafu kukaza `Levels` mpaka zibaki nukta. Matatizo yake ni mawili. Chenga za namna hiyo zimerundikana karibu na wastani, na ukikata mkia wake unapata nukta ambazo karibu zote zina mwanga sawa. Halafu zimetapakaa sawasawa. Matokeo ni unga uliomwagika kwenye shati jeusi.

Anga halisi haliko hivyo. Wanaastronomia hupanga mwanga wa nyota kwa ngazi, na kila ngazi moja ya kufifia ni kupungua kwa mwanga karibu mara mbili na nusu. Kwa zile tunazoziona kwa macho, kila ukishuka ngazi moja idadi inaongezeka karibu mara tatu. Yaani nyota kubwa ni chache sana, za kati ni kiasi, na hafifu ni utitiri. Jicho linajua uwiano huo hata kama mwenye jicho hajui. Ndiyo maana picha ya unga inakukataa hata ukishindwa kusema kwa nini.

Kwa sisi waandika programu hii ni mistari michache ya `Python` na maktaba ya `Pillow`:

```python
import random
from PIL import Image

W, H = 3000, 2000
im = Image.new("L", (W, H), 0)
for i in range(6000):
    u = 1 - random.random()
    b = min(1.0, 0.02 * u ** -0.84)
    x, y = random.randrange(W), random.randrange(H)
    im.putpixel((x, y), round(255 * b ** (1 / 2.2)))
im.save("nyota.png")
```

Ile -0.84 ndiyo inayobeba uwiano niliousema, mara tatu kwa idadi dhidi ya mara mbili na nusu kwa mwanga. Ile 1 / 2.2 ni kwa sababu namba za skrini si kipimo cha mwanga moja kwa moja. Bila hiyo, nyota hafifu zinazama zote. Kati ya nyota 6000, kama 57 hivi zitagonga dari ya 1. Hizo ndizo kubwa zako. Ziguse moja moja kwa brashi laini, kila moja na duara dogo la mwangaza kwenye tabaka la `Addition`, na ukubwa utofautiane. Ukiona zote 57 zina duara sawa, futa uanze tena.

Endesha hiyo programu mara mbili, mara ya pili kwa nyota 600 tu na jina lingine la faili. Zile 6000 ni nyota za nyuma, na 600 ni nyota za mbele. Utaona sababu sasa hivi.

Nebula: brashi inasema wapi, chenga zinasema vipi

Hapa ndipo chenga zina kazi halali. Kuna chenga za fujo, kama za televisheni isiyoshika stesheni, na kuna chenga zenye mpangilio, ambazo kila pikseli inakaribiana na jirani yake. Hizi za pili zilibuniwa na Ken Perlin baada ya kufanya kazi kwenye filamu ya Tron ya mwaka 1982. Alizichapisha mwaka 1985, na mwaka 1997 akapewa tuzo ya Oscar ya ufundi kwa ajili yake. Kwenye GIMP zipo `Filters > Render > Noise > Solid Noise`.

Kosa la wengi ni kuzipaka hizo chenga rangi na kuziita nebula. Chenga zinajaza turubai nzima kwa usawa, hazijui mahali. Brashi laini nayo inajua mahali, lakini haina chembe, inatoa moshi wa pamba. Kwa hiyo kila mmoja apewe kazi yake. Kwenye tabaka tupu, kwa brashi kubwa ya pikseli 600, `Hardness` ikiwa 0 na `Opacity` kama 10, paka nyekundu iliyofifia mahali unapotaka gesi. Pitia mara nyingi badala ya kukandamiza mara moja. Halafu liongezee tabaka hilo barakoa, `Add Layer Mask`, na ndani ya barakoa jaza `Solid Noise` yenye `X Size` na `Y Size` 4 na `Detail` 15. Kaza `Curves` ya barakoa mpaka sehemu zake nyeusi ziwe nyeusi kweli. Sasa brashi inasema wapi na chenga zinasema vipi. Tabaka zima liwe `Screen`.

Utando wa buluu ni hivyo hivyo, ila uko karibu na nyota tu, kwa sababu unaishi kwa mwanga wa jirani. Nebula ya buluu iliyo peke yake, bila nyota karibu, ni taa bila umeme.

Vumbi ndilo watu wanaloliruka, na kwa maoni yangu ndilo linalofanya picha iwe na kina. Tabaka jipya la `Multiply`, lijazwe nyeupe kwanza, maana kuzidisha kwa 1 hakubadilishi kitu. Halafu paka njia za vumbi. Usitumie kijivu. Vumbi linakula buluu kuliko nyekundu, kwa hiyo kingo zake huacha wekundu upite. Tumia kahawia, tuseme `#80593a` kwenye kingo na karibu nyeusi katikati. Na kwa kuwa brashi laini haina ukingo, chukua brashi ngumu kidogo na ukate upande mmoja wa wingu. Mawingu halisi mara nyingi yana upande uliochongwa na nyota kali iliyo karibu.

Sasa zile nyota za makundi mawili. Nyota 6000 ziko nyuma ya vumbi, kwa hiyo tabaka lao liwe chini ya `Multiply`. Nyota 600 ziko kati yetu na vumbi, ziwe juu yake. Hata Gunia la Makaa lina nyota chache mbele yake. Ukiweka nyota zote chini, vumbi linaonekana kama tundu. Ukiziweka zote juu, vumbi linaonekana kama uchafu kwenye ukuta wa nyuma. Zikigawanywa, ghafla picha ina mbele na nyuma, na hujatumia ujanja wowote zaidi ya mpangilio.

Dunia ile yenye tundu

Nilikuwa nimechora Dunia kama mpira mdogo mzima. Uhuru ilizunguka kwenye kimo cha kilomita 500 na kitu, na kutoka huko Dunia inafunika zaidi ya nyuzi 130 za unachoweza kuona. Hakuna mpira. Kuna upinde mkubwa. Kwa hiyo tukachagua duara la 5000 kwa 5000 kwa kuandika namba kwenye chaguo za kifaa, mahali -600 na 1300, na sehemu kubwa ikaangukia nje ya turubai. Kilichobaki ni upinde chini, umeelemea kulia.

Tabaka la Dunia ni `Normal`, ukingo wake mkali, bila brashi laini hata kidogo. Kivuli cha usiku ni tabaka la `Multiply` lililopakwa kwa brashi kubwa laini, na hapa kuna mtego mwingine. Brashi kubwa humwagika nje ya ukingo, na `Multiply` inafifisha nyota za jirani, unapata ukanda mweusi usioeleweka kuizunguka sayari. Dawa ni kuweka Dunia na kivuli chake ndani ya kikundi kimoja cha matabaka, kisha kukata kikundi kwa barakoa ya lile duara. Kivuli hakitoki nje tena.

Hewa ni ya mwisho. Hewa inaakisi, kwa hiyo ni buluu, ni `Screen`, na iko upande wa mchana tu. Ukiipaka pande zote unakuwa umewasha jua la pili nyuma. Na iwe nyembamba. Kilomita 100 za hewa juu ya Dunia yenye nusu kipenyo cha kilomita 6,371 ni kama asilimia moja na nusu. Kwenye duara letu ni pikseli 40. Wengi huweka 300, na Dunia inaonekana imevikwa koti.

Duka la uchapishaji

Bango la kwanza lilikuwa na ugonjwa mwingine ambao nililaumu mashine bure. Kwenye giza laini kulikuwa na miviringo, kama ya mti uliokatwa. Sababu ni hesabu tena. Picha ya kawaida ina ngazi 256 tu kutoka giza hadi nyeupe. Brashi laini ikishuka kutoka 30 hadi 8 kwa urefu wa pikseli 1500, ni ngazi 22, kila moja upana wa pikseli 68. Jicho linaziona kama duara.

Dawa ni mbili kwa pamoja. Tangu mwanzo fanya kazi kwenye `32 bit floating point`. Mwisho kabisa, kabla ya kurudi kwenye biti 8, ongeza chenga za fujo kidogo sana kwa `Filters > Noise > RGB Noise`, kiasi ambacho huzioni mpaka uvute karibu. Zinavunja mipaka ya ngazi. Hifadhi kama PNG, maana JPEG hula chenga hizo na miviringo inarudi. Na nyota za pikseli moja zipanue kidogo, kwa sababu wino mweusi husambaa na kuzimeza.

Watakaosema "ni picha tu"

Najua wapo. Na nina sehemu ya kuwakubalia. Bango letu jipya bado lina uongo. Kamera iliyoelekezwa kwenye Dunia yenye mchana isingeonyesha nebula wala nyota hafifu, mwangaza wa Dunia ungezifunika. Nebula ya Orioni na Gunia la Makaa haviko kando kando kama tulivyoviweka. Na Uhuru yenyewe haikuona rangi yoyote kati ya hizi. Ilipima eksirei, ambazo jicho halizijui kabisa.

Lakini uongo huo ninaujua, na mtoto anaujua. Tuliuandika pamoja chini ya bango kwa sentensi mbili. Nyota ndani ya bahari ulikuwa uongo ambao sikujua ninausema, na nikamtuma mtoto akausimamie mbele ya watu. Hapo ndipo ninapoona mpaka.

Shule ilipofunguliwa alipeleka bango la pili. Sikuwepo, nimesimuliwa kwa simu. Mkaguzi aliweka kidole kwenye doa jeusi juu kushoto akauliza kama wino uliharibika. Mtoto akamwambia: "La, mwalimu. Hilo ni Gunia la Makaa. Nyota zipo nyuma yake, vumbi limeziba. Ukitoka nje leo saa tatu usiku, tazama kusini, kando ya Msalaba."

Babu naye ameomba bango la kwanza libaki kwake. Amelifunikia kuni.

Haya wadau, kwa leo naishia hapo. Mwenye picha ya anga aliyoichora zamani aifungue leo, aangalie upande wa giza wa sayari yake. Tukutane wakati mwingine.